Bandu Bandu

Pale njia panda ya Nanganga, ambapo gari linaloelekea Masasi humshusha abiria wa Ruangwa na Nachingwea na kumwacha na mizigo yake kando ya barabara, kuna steshenari ya chumba kimoja. Novemba moja nilikaa kwenye benchi lake nikisubiri usafiri. Mchapaji ni mtoto wa dada yangu, na kwetu mjomba haulizwi amefuata nini. Aliniamkia shikamoo, nikaitikia, akarudi kwenye kazi yake. Mbele yake lilikuwa limefunguliwa daftari la mizani la chama cha msingi, maana msimu wa korosho ulikuwa umepamba moto na malipo ya mnada yalikuwa yanangoja orodha. Alichapa jina la mkulima, namba ya akaunti, kilo. Jina, akaunti, kilo. Kila baada ya muda aliuondoa mkono wa kulia kwenye kibodi, akaushusha kando ya kiti, akaukung'uta mara tatu nne kama mtu aliyenawa akakosa taulo, kisha akaurudisha. Hakuutazama. Mkono ulikuwa mkavu. Nikaacha kuangalia barabara, nikawa naungoja ule mkono ushuke tena, na kila uliposhuka nilijiuliza anakung'uta nini.

Kiswahili kina neno zuri kwa sehemu ile ya mkono iliyo kati ya kiwiko na kiganja: kigasha. Siku hizi tunalisikia kwa nadra. Tunasema tu mkono, na kwa kusema mkono tunapoteza habari muhimu, kwa sababu kazi ya vidole haifanyiki kwenye vidole. Kidole hakina msuli wake. Laza kigasha chako juu ya meza, kiganja kikiangalia chini, kisha kwa mkono wa pili shika nyama iliyo karibu na kiwiko, upande wa juu, na uchezeshe vidole kana kwamba unachapa. Utahisi kitu kinatambaa chini ya ngozi, mbali kabisa na vidole vyenyewe. Ile ndiyo misuli inayoviinua vidole, na kutoka pale zinashuka kano, nyuzi ngumu ndefu, zikipita kwenye kifundo cha mkono hadi kwenye kila kidole. Upande wa chini wa kigasha iko misuli mingine, inayovikunja. Mchapaji akilalamika kwamba vidole vimechoka lakini anajikanda karibu na kiwiko, hajakosea. Mwili umemwonyesha pale kamba zilipofungwa.

Na kuna jambo ambalo jicho halilioni. Tunadhani kinachochosha ni kubonyeza, na kubonyeza kwenyewe ni kwepesi, kitufe cha laptopu hakihitaji nguvu ya kumenya karanga. Kinachochosha zaidi ni kuning'iniza. Vidole visivyobonyeza lazima vishikiliwe juu ili visiguse vitufe visivyotakiwa, na kifundo kilichopinda kwenda nyuma lazima kishikiliwe hivyo hivyo, dakika baada ya dakika. Msuli unaokaza bila kulegea hujibana wenyewe, damu ikapita ndani yake kwa shida. Chukua kikombe kitupu, kinyooshe mbele yako, ukishikilie kwa robo saa: uzito haujaongezeka hata kidogo, lakini bega litakuwa linawaka. Mchapaji hushikilia kikombe hicho tangu asubuhi.

Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo, na huku kusini methali hiyo haihitaji kufafanuliwa, kwa sababu tunawajua wachongaji na tunalijua gogo lenyewe, mpingo, mti mgumu unaoichosha tezo. Mchonga vinyago wa Kimakonde huanza na tezo kulitoa ganda jeupe, akahamia patasi na nyundo, kisha kisu, kisha msasa. Kila chombo hushikwa kivyake, na kila chombo hukata mpaka kikawa butu. Kikiwa butu mtu hana hiari: anaweka kazi chini, anatafuta jiwe, ananoa. Anageuza gogo. Anasimama hatua tatu nyuma kuangalia kama sura imekaa sawa. Hakuna aliyemfundisha kwamba hayo ni mapumziko ya kigasha. Yeye anasema ananoa. Chuma ndicho kilichokuwa kikimlazimisha kupumzika, na wachongaji wetu hawajawahi kuhitaji saa ya kuwaambia simama.

Hata mashine ya chapa ilikuwa na vituo vyake. Shangazi yangu mmoja alisomea uhazili Tabora, akarudi na mgongo ulionyooka na mkao ambao hatukuuelewa tulipokuwa wadogo, vifundo vya mikono vikielea juu ya vitufe bila kugusa meza. Lakini kila mwisho wa mstari kengele ililia, na mkono wa kushoto ukanyooka kuusukuma wenzo wa kurudisha roli. Kila mwisho wa karatasi alisimamisha kazi, akaichomoa, akapanga nyingine na karatasi ya kaboni katikati, akaiingiza, akaizungusha. Herufi ikikosewa, alifuta kwa raba. Mashine ile ilikuwa nzito, vitufe vilitaka nguvu, na wapo walioumia nayo. Sitaki kuisifu kupita kiasi. Ninachosema ni kwamba haikukubali mtu achape saa mbili bila kufanya kitu kingine kwa mikono hiyo hiyo. Kompyuta imekubali. Mstari unajigeuza wenyewe, ukurasa hauishi, kosa linafutwa kwa kidole kidogo bila mkono kuondoka. Tumeletewa gogo lisilogeuzwa na patasi isiyohitaji kunolewa.

Hesabu yenyewe tuliifanya pale pale, mimi na mpwa wangu, nyuma ya karatasi iliyoharibika. Mkulima mmoja kwenye orodha ile alikuwa na jina la herufi kama ishirini na moja pamoja na nafasi zake, akaunti ya tarakimu kumi na mbili, kilo tarakimu nne, na vitufe vitatu vya kuhamia safu inayofuata. Jumla mibonyezo arobaini. Ukurasa wa daftari una wakulima 25, kwa hiyo ukurasa mmoja ni mibonyezo 1,000. Orodha ya wakulima 300 ni kurasa kumi na mbili, mibonyezo 12,000. Na kati ya hiyo, tarakimu peke yake ni 4,800, zote zikichapwa kwenye safu ya juu kabisa, maana laptopu yake haikuwa na vitufe vya namba upande wa kulia. Tukiwa bado tunahesabu niliona kitu ambacho yeye mwenyewe hakuwahi kukitilia maanani. Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kilikuwa muda wote kimekaa juu ya daftari, kikishikilia mstari asije akaruka mkulima. Tarakimu zote 4,800, kuanzia 1 iliyo kushoto kabisa hadi 0 iliyo kulia, zilikuwa zinafuatwa na mkono mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini pale vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vinalisha kijiji kizima.

Mambo haya si mageni duniani. Bernardino Ramazzini, daktari wa Modena huko Italia, alichapisha mwaka 1700 kitabu kizima cha magonjwa ya watu wa kazi, na katika toleo la 1713 akaongeza sura ya waandishi na makarani. Alitaja sababu tatu za maradhi yao: kukaa kitako bila kuondoka, mkono kurudia mwendo ule ule, na akili kukazwa isikosee hesabu. Alisimulia habari za mwandishi mmoja aliyeishi kwa kalamu, akaanza kwa kuchoka mkono wote wa kulia, asipate dawa, mpaka mkono ukalegea kabisa. Akajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Haukupita muda mrefu, wa kushoto nao ukashikwa. Miaka mia tatu imepita na kalamu ya unyoya imekwenda zake, lakini zile sababu tatu zilikuwa zimekaa kwenye kiti cha plastiki pale Nanganga. Hiyo ya tatu tunaisahau sana. Tarakimu moja ikikosewa, fedha za mkulima zinakwenda kwa mtu mwingine au zinarudi benki, na mkulima anakuja dukani na hasira. Mabega ya binti yule yalikuwa yamepanda karibu na masikio, na sidhani kama ni meza peke yake iliyoyapandisha.

Nilimwuliza panauma wapi. Wazee wetu hawakumpa mtu dawa kabla hajaonyesha kwa kidole, na kwa maumivu ya mkono desturi hiyo ni ya thamani. Kwanza alionyesha juu ya kigasha, upana wa vidole vinne kutoka kwenye kiwiko, akasema panawaka kuanzia saa sita mchana na kupoa akilala. Hapo ni misuli na kano za kuinulia vidole, na hali hiyo kwa kawaida husikia ikipunguziwa mzigo mapema. Kisha akasema jambo la pili kwa sauti ya chini.

"Usiku mjomba, naamka mkono umekufa ganzi. Naukung'uta mpaka unarudi."

Vidole gani? Akaonyesha gumba, cha shahada na cha kati. Kidole cha mwisho hakikuwemo. Nikaelewa kwamba kule kukung'uta mchana kulikuwa kumetoka usikuni, mkono umezoea dawa yake.

Mambo hayo mawili ni ndugu, lakini hayalingani. Kwenye kifundo cha mkono, upande wa kiganja, kuna kipito chembamba, mifupa chini na utepe mgumu juu, na ndani yake hupita kano tisa pamoja na neva moja inayohudumia gumba, shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Nafasi ni ya kubanana hata kwa mtu mzima wa afya. Kifundo kikipinda sana, mbele au nyuma, msukumo ndani ya kipito huongezeka, na kinachoumia kwanza ni neva, kwa kuwa kano ni ngumu nayo ni laini. Ganzi inayoamsha mtu usiku katika vidole hivyo, ikapungua akikung'uta mkono, ni dalili ambayo madaktari huiuliza kwa makusudi. Ganzi ikiwa kwenye kidole cha mwisho, neva nyingine ndiyo inalalamika, ile inayopita nyuma ya kiwiko, na mara nyingi ni kwa sababu mtu anaegemeza viwiko mezani. Mtu anaweza kujipima kidogo: akunje vifundo vyote viwili, migongo ya viganja igusane, viganja vikining'inia chini, akae hivyo dakika moja. Ganzi ikija katika vidole vile vitatu, ana sababu ya kwenda hospitali. Isipokuja, bado hajapewa cheti cha uzima, maana kipimo hicho hukosea pande zote mbili. Na kibodi si mshitakiwa pekee. Ujauzito, kisukari na tezi ya shingo kutofanya kazi sawasawa huweza kuibana neva hiyo hiyo, na ndiyo maana mtu hafai kujitibu kwa kusikia. Nilimwambia aende Hospitali ya Ndanda, ambayo ipo barabara hii hii, na nikamwambia dalili ambazo hazisubiri: vitu kudondoka mkononi, kushindwa kufunga vifungo vya shati, nyama ya chini ya gumba kupungua. Hizo hakuwa nazo bado.

Kisha tukapima meza. Ilikuwa kaunta iliyogeuzwa meza, sentimita 78 kutoka sakafuni. Alipokaa kwenye kiti chake cha plastiki, mabega yakiwa yamelegea na mikono imening'inia, kiwiko kilikuwa sentimita 65. Tofauti ni sentimita 13, zaidi kidogo ya nusu shibiri, na tofauti hiyo alikuwa anailipa kwa mwili kila siku, mabega juu, vifundo vimevunjika kwenda nyuma, na ukingo mkali wa ubao ukimkata chini ya kiganja, pale pale kilipo kile kipito. Angeweza kuinuliwa yeye, kwa mto mgumu juu ya kiti na tofali chini ya miguu isiachwe ikielea. Ni njia rahisi na inafaa kwa asiye na fedha. Sisi tuliita seremala. Kaunta ni ya mwenye duka na haikatwi, kwa hiyo alipigilia chini yake rafu ya ubao mwembamba, uso wake ukiwa sentimita 63, mapaja yakipita bila kugusa, ukingo akaupiga randa mpaka ukawa wa mviringo. Juu ya rafu tuliweka kibodi ya zamani iliyotoka kwenye kompyuta ya mezani iliyokufa, yenye vitufe vya namba upande wa kulia. Tulikunja vile vijiguu vya nyuma vya kibodi. Watu wengi huviinua wakidhani ndivyo ilivyokusudiwa, kumbe vinakipindisha kifundo kwenda nyuma zaidi. Laptopu yenyewe tuliipandisha juu ya rimu tatu za karatasi, sentimita kama 15, ili kioo kikutane na macho. Daftari likasimamishwa kwa kuegemezwa, na rula ikabanwa kwenye mstari kwa kibanio cha nguo. Mkono wa kushoto ukaachiliwa. Mabadiliko haya yote yaligharimu ubao, misumari na ujira wa fundi wa asubuhi moja, na katika yote mimi naipa heshima ya kwanza ile rula.

Hata hivyo meza nzuri haimpumzishi mtu. Inampa tu namna bora ya kuchoka. Lililobaki lilikuwa kurudisha vituo. Kuna utafiti ninaoupenda kwa sababu ulifanywa kwa watu wa kazi kama hii hasa, waingizaji takwimu wa mamlaka ya kodi ya Marekani, ukachapishwa mwaka 2000. Walikuwa na mapumziko mawili ya dakika 15 kwa siku. Wakaongezewa dakika tano katika kila saa iliyokuwa haina pumziko. Maumivu yalipungua, na kazi iliyotoka haikupungua ingawa muda wa kuchapa ulikuwa mfupi kwa dakika 20. Mwaka 2007 watafiti hao hao walichapisha jaribio jingine, safari hii baadhi ya watu wakiagizwa kunyoosha viungo wakati wa mapumziko. Wengi hawakunyoosha, na tofauti ya wazi haikuonekana. Kilichosaidia tena ni pumziko lenyewe. Nasema hivi kwa sababu picha za kunyoosha vidole zimesambaa sana kwenye simu zetu, na mtu anaweza kuziamini akaendelea kuchapa saa tatu mfululizo kati ya mnyoosho na mnyoosho. Kunyoosha ni chumvi ya chakula hiki.

Kwa hiyo hatukumpa mpwa wangu kengele ya simu. Kengele ikilia mteja akiwa mbele yako unaizima, ukiizima mara tatu umeshaisahau. Tulifunga kituo kwenye daftari lenyewe: ukurasa ukiisha, mibonyezo 1,000 imetimia, mikono inashuka mapajani, imelegea kabisa, pumzi sita za taratibu. Ukurasa wa tatu ukiisha, karibu saa moja imekwenda, anasimama dakika tano. Zamani kazi ya kutoa nakala na kupanga karatasi ilikuwa ya kijana mwenzake, na yeye hakuondoka kitini. Wakakubaliana wabadilishane, akisimama yeye ndiye anatoa nakala. Hapo ndipo ananyoosha, ikiwa anapenda: mkono mbele, kiwiko kimenyooka, kiganja chini, mkono wa pili unakivuta kiganja polepole kuelekea mwilini mpaka juu ya kigasha pavutike bila kuuma, sekunde ishirini, kisha anageuza kiganja kiangalie juu na kuvuta vidole kuelekea chini. Ganzi ikija anaacha papo hapo. Neva iliyobanwa haipendi kuvutwa, na anayeivuta kwa nguvu akidhani anaitibu anaichokoza.

Lipo jambo moja ambalo seremala hawezi kulipigilia rafu. Mama yake, yaani dada yangu, anaishi Newala, juu ya uwanda wa Makonde, nchi ambayo wazee walihesabu umbali kwa maji, na binti yule amekua akibeba ndoo tangu kichwa chake kilipoweza kuibeba. Ndoo ya lita 20, ikiinuliwa kwenda kichwani, ni kilo 20 kwenye vidole vilivyokunjwa. Nanganga hapa akitoka kazini anafua, anakamua nguo kwa kuzisokota, na kusokota ni kazi ya misuli ile ile ya juu ya kigasha iliyokwisha kuwaka tangu saa sita. Anatwanga. Siku za mapumziko anasaidia kubangua korosho, nyundo ndogo mkononi. Mwajiri anahesabu saa nane, mkono unahesabu siku nzima. Kijana anayetoa nakala anachapa pia siku nyingine, lakini akirudi nyumbani anakalia kiti. Sikuona sababu ya kulisema hili kwa upole, nikamwambia mume wa binti yule, mbele ya mkewe, kwamba kwa muda wa msimu nguo zitakamuliwa na yeye. Alikubali, na nimesikia anazikamua.

Kuwaka kwa mchana kulipungua ndani ya wiki tatu. Ganzi ya usiku ilikuwa kaidi zaidi. Ndanda walimpa banzi la kuvaa akilala, lenye ubapa unaokizuia kifundo kisijikunje usingizini, na hata sasa zipo siku chache anazoamka usiku. Amekatazwa kungoja mpaka nyama ya gumba ipungue. Anachapa orodha ile ile, kwa mwendo karibu ule ule.

Msimu mwingine wa korosho hufunguka Oktoba, na madaftari yatarudi mezani yote kwa wiki moja. Viongozi wa vyama vya msingi, na nyinyi wenye steshenari kuanzia Nanganga hadi Masasi na Newala: mwiteni mchapaji wenu, mkalisheni, pimeni kiwiko chake na pimeni meza, wakati seremala bado ana nafasi.